Kikapu cha ukindu kwa shilingi 59,000: hesabu yake ni hii

Swali tunaloulizwa zaidi mezani kwetu ni kwa nini kikapu cha sokoni kinafika 59,000 wakati vipo vya nusu bei. Tuchukue kimoja tukipige hesabu: mdomo sentimita 35, kimo 30, kina rangi mbili na mikono ya ngozi.

Kikapu hiki hushonwa kwa ukili wa upana wa sentimita 4. Kukizungushia ukuta na kitako kunameza kama mita 11, na pamoja na vipande vinavyokatwa, msukaji huandaa pima saba. Upana huo ndio unaoamua bei kuliko kitu kingine. Ukili wa sentimita 2 ungehitaji urefu mara mbili kwa kikapu kilekile, na saa za kusuka nazo karibu mara mbili. Ukiona kikapu cha bei ndogo, angalia kwanza upana wa ukili wake, kisha hesabu mishono ya kuunganisha mizunguko.

Vifaa vyake ni ukindu 5,000, rangi na mkaa wa kuichemshia 2,500, ngozi na uzi 6,500. Jumla 14,000. Sehemu hii haina ubishi, kwa sababu kila kitu kina risiti au mtu aliyelipwa.

Ubishi uko kwenye muda. Wasukaji wengi ukiwauliza wamekaa na kikapu saa ngapi, watakutajia kusuka peke yake: saa saba, pima moja kwa saa. Lakini kuchana ukindu kuwa nyuzi sawasawa ni saa moja, kutia rangi saa moja, kushona saa tatu na kufunga mikono saa moja. Hizo ni saa 13. Siku za kuanika hatuzihesabu, maana wakati huo mtu anaendelea na shughuli nyingine, ingawa mvua ikiunyeshea ukindu ukaota madoa meusi, hasara ni ya duka letu.

Kila saa tunailipa 2,600. Tulianzia kwenye kima cha chini cha watumishi wa umma kilichoanza Julai 2025, shilingi 500,000 kwa mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, yaani 195 kwa mwezi. Ukigawa, saa moja ni 2,564, nasi tukakaza kidogo. Kwa kazi nyingi za sekta binafsi kima kiko chini ya hapo, lakini msukaji hana likizo ya malipo wala pensheni, kwa hiyo hatuoni kama tumezidisha. Saa 13 ni 33,800. Tukijumlisha na vifaa tunafika 47,800.

Kisha kuna gulio. Meza ni 30,000 kwa siku na usafiri 10,000. Tunapeleka vikapu 15, lakini hatugawi kwa 15. Tunagawa kwa 8, idadi inayouzika siku ya kawaida. Kila kimoja kinabeba 5,000, na sasa tuko 52,800.

Waandaaji nao hukata asilimia 10 ya mauzo, na hapa ndipo wauzaji wengi hujipunja. Wanaongeza asilimia 10 juu ya gharama, wakisahau kwamba makato yanakwenda kwenye bei nzima. Njia sahihi ni kugawa: 52,800 ÷ 0.9 = 58,667. Tunakaza kuwa 59,000.

Kwa asilimia 10 kosa ni la mia chache. Duka la zawadi linalochukua asilimia 40 ni habari nyingine. Ukiongeza asilimia 40 juu ya 47,800 utapata 66,920. Duka likikata lake, unabaki na 40,152, na karibu saa tatu za msukaji zimekwenda bure. Ukigawa kwa 0.6 unapata 79,667. Ndiyo maana kikapu hikihiki utakikuta huko kwa 80,000.

Sasa tupatane. Mteja akisema “niwekee hamsini”, soko linachukua 5,000, meza na usafiri 5,000, vifaa 14,000. Zinabaki 26,000, yaani saa moja imeshuka hadi 2,000. Hakuna mahali pengine pa kupunguza ila kwenye vidole vya msukaji, kwa hiyo hapo tunakataa.

Tunachoweza kupunguza ni kazi yenyewe. Kikapu kisichotiwa rangi kinaokoa 2,500 za rangi na mkaa pamoja na saa moja. Mikono ya ukili badala ya ngozi inaokoa 5,000, na muda wa kuifunga ni uleule. Gharama inashuka hadi 42,700, na ukigawa kwa 0.9 unapata 47,444, tunakaza kuwa 47,500. Ni kikapu cheupe, ukubwa uleule, na kinabeba viazi vilevile. Ukikitaka, tuambie siku chache kabla ya gulio, kwa sababu vya namna hiyo tunasuka kwa oda.