Barua ya wazi kwa wasindikaji wa viungo wa Tanga: kabla hamjalipa ada ya chemba

Wanangu, Assalaam aleikum.

Nimesikia saba kati yenu mnachangishana mjiunge na chemba ya wafanyabiashara. Mmoja aliniambia barazani kwangu kwamba mkishapata kadi mtauza iliki na mdalasini Mombasa bila usumbufu, na alama ya TBS itakuja haraka. Nimelala nikiliwaza hilo, maana mnakwenda kununua kitu ambacho hakiuzwi pale.

Mzigo wa kuvuka Horohoro, ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, umo kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, una cheti chake rahisi cha uasili, kinachothibitisha ulikozalishwa. Anayekitoa ni ofisa wa forodha palepale mpakani, wala haulizi kadi ya chemba. Habari ya TBS anzeni SIDO, kwa barua ya utambulisho wa mjasiriamali mdogo. Leseni ni ya halmashauri. Ukitoa hayo yote, ndipo mtaona chemba inabaki na nini.

Inabaki na mambo mawili makubwa. La kwanza ni vyeti vya uasili kwa masoko ya mbali. Chemba yenyewe, TCCIA, ndiyo hutoa vyeti hivyo, na siku mtakapopata mnunuzi Afrika Kusini anayetaka nafuu ya ushuru ya SADC mtavihitaji. Jina la muuzaji kwenye cheti lazima lilingane na la kwenye ankara. Kwa hiyo msijiunge kila mtu kivyake. Tuseme ada ni shilingi 150,000 kwa mwaka: saba mtalipa 1,050,000, ilhali kikundi kilichosajiliwa kitalipa mara moja na kuuza kwa jina lake. Mtakachopoteza ni kura, kwani mtakuwa na moja badala ya saba. Kwa hali yenu ya sasa, mimi ningechukua hiyo moja.

La pili ndilo lililonifanya niandike. Mkoa una Baraza la Biashara, mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, na humo sekta binafsi hukaa meza moja na wakuu wa serikali. Mfanyabiashara mmoja mmoja hafiki pale. Hoja yake hufikishwa na chama chake, tena ikiwa imeandaliwa.

Mimi nililijua hili kwa kuchelewa. Miaka minne nililipa ada kwenye chama kimoja ambacho sitakitaja, nikapata risiti na kalenda. Siku nilipobanwa nikaenda kuomba msaada, nikaambiwa mimi ni mwanachama mshiriki: naruhusiwa kuhudhuria, kura sina, kupeleka ajenda siwezi. Nilikuwa nimesaini fomu bila kusoma katiba. Hakuna aliyenidanganya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilipojiunga kwingine nilikwenda na daftari. Machungwa yangu ya Muheza yalikuwa yakitozwa ushuru wa mazao mara mbili, shambani na tena njiani, mzigo uleule. Zamani ningesimama mkutanoni nikalalamika kwamba tunaonewa, watu wakapiga makofi na mambo yakaishia hapo. Safari hii niliandika safari sita: tarehe, namba ya gari, kilo, kizuizi, na nakala za stakabadhi zote mbili kwa kila safari. Nikamkabidhi katibu wiki tatu kabla ya kikao, nikasaini kwenye daftari lake la kupokelea barua. Wenzangu wawili wakaongeza za kwao. Karatasi zile zilipofika mezani, mhusika hakuwa na la kubisha, maana stakabadhi zilikuwa za ofisi yake mwenyewe. Utozaji wa pili ukakoma kwa mzigo uliokuwa na stakabadhi ya kwanza. Ada yangu ya mwaka ilirudi kwa safari chache.

Basi kabla ya kulipa, ombeni vitu vitatu: katiba, kumbukumbu za mkutano mkuu uliopita, na hesabu zilizokaguliwa. Kwenye katiba tafuteni aina za uanachama na tarehe ya mwisho ya kulipa ada ili uhesabiwe mwanachama hai, kwani wengi hunyimwa kura kwa kuchelewa tu. Kwenye kumbukumbu angalieni kama kuna hoja ya mwanachama mdogo iliyofuatiliwa mpaka jibu likapatikana. Mkizungushwa kuhusu hesabu, fungeni mkoba wenu. Mkijiunga, mteueni mmoja wenu awe ndiye mhudhuriaji wa kila kikao, mumlipie nauli. Msipokezane, kwa sababu katibu humsaidia anayemfahamu.

Jumamosi baada ya Alasiri nitakuwa barazani hapa Ngamiani. Njooni na hiyo katiba, na anayetozwa mara mbili aje na stakabadhi zake, hata kama zimekunjamana.

Mzee wenu,
Ngamiani, Tanga