"Mimi Simba, Mbona Sipendi Kujionyesha?" Jua, Mwezi na Nyota Inayochomoza Katika Sura Moja

Mteja akifika ofisini kwetu na malalamiko, mara nyingi ni haya: amesoma maelezo ya nyota yake, akajiona si yeye. Simba anaambiwa anapenda jukwaa, na yeye kwenye harusi hukaa meza ya nyuma karibu na mlango. Akiongezewa nyota ya Mwezi na nyota inayochomoza ndiyo anachanganyikiwa kabisa, maana sasa ana karatasi tatu zinazobishana.

Kosa ni kuzisoma kama karatasi tatu.

Kabla sijaendelea, wa pwani wenzangu wanielewe: siongelei nyota ya jina, ile ya falaki ambapo herufi za jina lako na la mama yako hugeuzwa tarakimu kwa abjadi, zikagawanywa kwa kumi na mbili, na salio ndilo nyota. Hiyo ni elimu nyingine. Hapa naongelea ramani ya anga ya dakika uliyozaliwa.

Katika ramani hiyo, Jua hukaa kwenye nyota moja kwa takribani mwezi mzima, ndiyo maana tarehe pekee yatosha kukuambia wewe ni Simba. Mwezi hupita nyota moja kwa siku mbili na nusu hivi. Nyota inayochomoza ni ile iliyokuwa ikitokeza upeo wa mashariki ulipozaliwa, na kwa huku kwetu karibu na ikweta hubadilika kila baada ya saa mbili, ikizidi au kupungua dakika chache.

Mimi huwaeleza wateja kwa nyumba. Nyota inayochomoza ni baraza: hapo ndipo mgeni anapokukuta, na wengi hawavuki hapo. Jua ni mwenye nyumba, anachotaka na anachojivunia. Mwezi ni chumba cha ndani, unakokwenda ukiumizwa au ukichoka. Huwezi kumwelewa mwenye nyumba kwa kukaa barazani tu, lakini pia huingii ndani bila kupita barazani.

Tuchukue mtu ambaye saa yake ya kuzaliwa iko kwenye cheti kilichotangazwa hadharani mwaka 2011: Barack Obama. Alizaliwa Honolulu, Hawaii, tarehe 4 Agosti 1961, saa 1 na dakika 24 usiku. Jua lilikuwa nyuzi ya 12 ya Simba, Mwezi nyuzi ya 3 ya Mapacha, na upeo wa mashariki ulikuwa unachomoza Ndoo, nyuzi ya 18.

Kwanza tunaangalia asili. Simba ni moto. Ndoo na Mapacha zote ni hewa. Kwa hiyo mwenye nyumba ni moto, lakini baraza na chumba cha ndani ni hewa. Unajimu husema hewa hufikiri kabla ya kuhisi, na hapo Simba huyu anaanza kubadilika sura. Hamu ya kuongoza na kutazamwa ipo, ila haitoki kwa ngurumo. Inatoka kwa maneno yaliyopangwa.

Pili, umbali. Ndoo na Simba zinatazamana uso kwa uso, moja ikichomoza nyingine inazama. Hapa ndipo kwenye mvutano wa ramani nzima, na ndipo ninapotumia muda mwingi na mteja. Simba husema "mimi", Ndoo husema "sisi sote". Mtu mwenye hizo mbili hutaka kuwa mbele ya watu na papo hapo huweka nafasi kati yake na hao watu. Wanaomwona barazani humwita mtulivu, wengine humwita baridi. Ukisoma Simba peke yake hulioni hilo kabisa, na ukisoma Ndoo peke yake utashangaa mtu baridi kiasi hicho anatafuta nini kwenye urais.

Mwezi wa Mapacha unajibu swali lililobaki: anajituliza kwa nini? Kwa lugha. Kueleza, kuandika, kulipatia jambo jina. Obama aliandika kitabu kuhusu baba yake Mkenya na maisha yake mwenyewe mwaka 1995, kabla hajachaguliwa kwenye cheo chochote cha siasa. Mwenye Mwezi wa Kaa angerudi kwa mama na jikoni. Wa Mapacha huchukua kalamu.

Mwisho tunamtafuta mtawala wa nyota inayochomoza, maana ndiye mwenye ufunguo wa baraza. Wa kale waliipa Ndoo sayari ya Zohali. Wanajimu wengi wa leo huipa Uranusi, mimi nimebaki na wa kale. Siku ile Zohali ilikuwa Mbuzi, nyumbani kwake pia, ikaongeza subira na kujizuia. Sasa una mtu mmoja: moto uliofungiwa kwenye taa ya kioo.

Ni rahisi, bila shaka, kumsoma mtu ambaye dunia inamjua tayari. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio ambamo wanajimu walipewa ramani ya mtu na maelezo matatu ya tabia, wachague la mwenyewe. Walipatia karibu theluthi moja, sawa na anayebahatisha. Kwa hiyo sisi hatuuzi ramani ya kuchagulia mfanyakazi wala mchumba. Tunakuuzia mazungumzo ya saa moja kuhusu wewe, na picha ya kuyaanzia.

Lakini hata picha hiyo huharibika kwa jambo dogo ambalo ni letu Waswahili: saa. Mtu ameambiwa na mama yake "saa 1 na dakika 24 usiku", anachukua simu na kuandika 01:24. Kwenye simu hiyo ni saa 7 na dakika 24 usiku wa manane. Ilitakiwa 19:24. Ukiifanyia ramani ya Obama kosa hilo, Jua linabaki Simba, hivyo hutashtuka. Ila Mwezi unarudi Ng'ombe na nyota inayochomoza inakuwa Mapacha. Utasoma mtu mwingine kabisa, tena utajitahidi kumwamini.

Kosa hili hujulikana bila kompyuta. Aliyezaliwa jua likichomoza, nyota yake inayochomoza huwa ile ile ya Jua au ya jirani. Aliyezaliwa jua likizama, huwa ile inayotazamana nayo, au jirani yake. Obama alizaliwa kama robo saa baada ya jua kuzama Honolulu, na kinyume cha Simba ni Ndoo, hesabu inakubali. Kama mama yako anakumbuka adhana ya magharibi ilikuwa inaadhiniwa, na programu inakuambia nyota yako ya Jua ndiyo inayochomoza, saa iliyoingizwa si sahihi.

Kwa hiyo unapotuandikia, usibadilishe saa wewe mwenyewe. Andika kama mama alivyosema, kwa maneno: asubuhi, alasiri, usiku, kabla ya chakula au baada ya adhana, na mji uliozaliwa. Kama hakuna anayekumbuka, tuambie. Tutasoma Jua, na Mwezi pia ikiwa haukuhama nyota siku hiyo. Baraza tutaliacha wazi, na bei ya kazi hiyo ni nusu.