Kwa shoga yangu wa Bagamoyo

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Huku Ngamiani sote wazima, kusi limeanza, na mdogo wangu kajifungua salama. Najua nimenyamaza tangu Idi. Leo kilichonishikisha kalamu ni kikao cha Jumatano kazini, maana tangu siku ile namuwaza mama mkwe wako na kile kitanda chake.

Mganga mfawidhi alituita sote akasoma faili moja, jina kalifunika. Mzee kapooza upande wa kushoto, mweusi tii. Siku tatu mfululizo imeandikwa: "Mgongo na matako: ngozi ya kawaida, hakuna wekundu." Siku ya nne, kidonda wazi juu ya mfupa wa kiunoni. Shoga, siku mbili kati ya hizo niliandika mimi. Sikudanganya. Niliutafuta wekundu na sikuuona.

Tulifundishwa kwamba kidonda cha mgandamizo, kile cha kulalia sehemu moja muda mrefu, huanza na wekundu usiopotea ukibonyeza kwa kidole. Kwa mtu mweupe, au mwenye ualbino, utauona. Kwa mweusi, pale pale huonekana peusi zaidi, au rangi ya zambarau, na ukibonyeza huenda usione mabadiliko yoyote. Basi "hakuna wekundu" yangu ilikuwa kweli, na wa zamu ya usiku haikumsaidia kitu.

Akatuonyesha kwa mama mmoja wodini aliyeridhia. Alimgeuza ubavu, akafuta mafuta na poda, akasogeza taa. Akaweka mgongo wa mkono juu ya nyonga, kisha pembeni yake, kisha nyonga ya pili, alinganishe joto. Akabonyeza taratibu kupima ugumu, akauliza kama panauma. Halafu akaandika: "Nyonga ya kulia, juu ya mfupa: sentimita 3 kwa 4, peusi kuliko ngozi ya pembeni, pana joto, pagumu, panauma. Ngozi haijachubuka." Kesho yeyote akishika faili lile atajua kama pamekua au pamepungua. Rangi inalinganishwa na ngozi ya mgonjwa mwenyewe, si na picha ya kitabuni.

Nikauliza kuhusu maumivu, maana yule mzee hakuwahi kulalamika. Akajibu kwamba aliyepooza huenda asihisi upande ule, kwa hiyo kimya chake tusikiandike kama dalili ya uzima. Jibu hilo limenikaa kifuani.

Sasa mama. Ulisema yule binti anamsugua kiunoni kila jioni. Ukikuta sehemu imebadilika rangi, mwambie asipasugue kabisa, ngozi ya chini itazidi kuumia. Mlazeni upande mwingine, pale pasilaliwe.

Nijibu upesi: mnamgeuza kila baada ya muda gani? Visigino umevitazama, na si kwa macho tu? Anahisi ukimgusa upande wa kulia? Na lile baka jeusi ulilosema ni la zamani, ulipopagusa palikuwa na joto?

Wako,
shogayo wa Tanga