Harambee ya Pampu Ambayo Haijaharibika

Kwa wazazi, majirani, na watoto wa kijiji hiki mlioko Mombasa, Nairobi, Dubai na Maskati: assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Kwa kawaida mkiona ujumbe wa kamati ya maji mnajua pampu imekufa. Safari hii inatoa maji, na hata sasa naandika nikiusikia mpini wake kutoka ofisi ya shule. Tunachangisha ili kununua vipuri vya miaka miwili, vikae kabatini vikingoja siku yao. Najua kuna atakayeuliza kwa nini atoe pesa kwa kitu kizima, kwa hiyo naomba mnisome mpaka mwisho.

Mwaka jana tulikaa siku 23 bila kuteka. Maji yalikuwemo chini tele. Kilichotuponza ni bushi, zile pete mbili za plastiki zinazovaana ambamo pini ya mpini inazunguka. Mpini ulianza kucheza kushoto na kulia, kisha ukaanza kutoa mlio, na sisi tukasema pampu imezoea kelele. Fundi mmoja tuliyempata njiani akaipaka grisi. Pampu yetu ni Afridev, aina ambayo watu wa Kwale waliijaribu hapa hapa miaka ya 1980 kabla haijasambaa nchi nyingi za Afrika, na bushi zake zimetengenezwa zifanye kazi zikiwa kavu. Grisi ilishika mchanga, mchanga ukawa tupa, plastiki ikaisha, na pini ya chuma ikaanza kula tundu la chuma mpaka tundu likawa yai. Hapo spana haisaidii tena. Mpini ulipakiwa kwenye matatu ukaenda kuchomelewa mjini, ukarudishwa haukai sawa, ukapelekwa tena. Gharama yote, pamoja na nauli na fundi, ilifika shilingi 17,400. Bushi zenyewe zingebadilishwa na mtu yeyote mwenye spana namba 24, kabla ya saa nne ya asubuhi.

Tangu siku hiyo tuna daftari. Linakaa kwa mama anayeishi mkabala na kisima, na kila Jumatatu alfajiri, kabla mtu hajateka, anafanya mambo mawili. Kwanza anahesabu amepiga mpini mara ngapi mpaka maji yatoke. Kisha anapiga mipigo kamili 40 kwa dakika moja ndani ya ndoo yenye alama za lita. Silinda ya pampu ina upana wa milimita 50 kwa ndani na pistoni inapanda sentimita 22 na nusu, kwa hiyo mpigo mmoja hauwezi kuzidi lita 0.44, na mipigo 40 haiwezi kuzidi lita 17 na kitu. Yetu ikiwa na afya hutoa 16.

Hesabu hizi mbili ndizo zilizotuokoa Agosti. Kwa miezi yote mama alikuwa anaandika mipigo minne. Wiki moja akaandika tisa, wiki iliyofuata kumi na moja, kisha kumi na nne. Lakini ndoo ilibaki lita 16 vilevile. Mimi nilidhani pistoni imechoka. Yeye akaniambia, "Mwalimu, ingekuwa pistoni ndoo ingepungua. Maji yanapanda vizuri, ila usiku yanarudi chini." Alisema kweli. Chini kabisa ya bomba kuna vali inayozuia safu ya maji isishuke pampu ikipumzika. Ikivuja, bomba linakuwa tupu hadi alfajiri, na wa kwanza kufika anapiga hewa. Ili kuwa na uhakika tulirudia kipimo mchana: tulipiga mpaka maji yakatoka, tukaacha nusu saa, tukapiga tena. Kwa kipimo hicho ikizidi mipigo mitano, kuna uvujaji. Tulihesabu minane.

Jumamosi tukafungua. Kifuniko cha kichwa cha pampu, pini mbili, mpini ukatoka. Fimbo zetu ni tisa, kila moja mita 3, zinashikana kwa kulabu na tundu, kwa hiyo unavuta moja, unaichomoa kwa mkono, unailaza kwenye turubai safi. Si chini kwenye udongo, hata kama una haraka, maana kinachoshika fimbo ndicho utakachokunywa. Pistoni ikaja na fimbo ya mwisho. Kisha tukazishusha tena fimbo zikiwa na kivulio mwishoni, kile chuma cha kunasia, tukaivua vali ya chini kama mtu anavyovua samaki. Uzuri wa Afridev ni huo: bomba la plastiki linabaki ndani ya kisima, na yote haya yanapita katikati yake.

Oringi ya vali, yaani pete ya mpira inayoiziba pembeni, ilikuwa na mkato mdogo kama wa wembe, na chembe ya mchanga bado imekwama humo. Tukaweka oringi mpya, tukabadilisha na kile kizibo cha mpira cha ndani, tukaosha kila kitu kwa maji yenye klorini, tukaidondosha vali, tukaisukuma kwa pistoni mpaka ikakaa. Adhuhuri ilipoadhiniwa watu walikuwa wanateka. Jumatatu mama akaandika: nne.

Kivulio tulikiazima kijiji cha pili, na oringi ilikuwa ya mwisho dukani. Ndiyo maana ya barua hii.

Ratiba yetu haina mengi. Kila wiki ni vipimo viwili vya daftari, pamoja na kufagia sakafu ya saruji na kuzibua mfereji. Kila mwezi tunakaza nati zote za kichwa cha pampu na boliti za msingi, tunashika ncha ya mpini na kuutikisa kando kuona kama unacheza, na tunakagua sakafu. Ufa unaoingia ukucha unazibwa wiki hiyo hiyo, kwa sababu maji machafu yanayosimama hapo hutafuta njia ya kurudi kisimani. Mara moja kwa mwaka, Januari kabla ya mvua za masika, tunafungua yote na kubadilisha bushi, mpira wa pistoni, oringi na vizibo vya vali, hata vikionekana vizima. Hapo ndipo wengi wanatupinga kwenye mikutano. Jibu langu ni kwamba mpira wa pistoni unasugua silinda mchana kutwa, na ukiisha hauzuii maji kama inavyopasa, kwa hiyo kila dumu linahitaji mipigo mingi zaidi, na kila mpigo wa ziada unakula bushi. Kimoja kinamchosha mwenzake.

Haya ndiyo maradhi tunayoyajua. Jedwali hili tutalibandika ndani ya mlango wa kabati:

| Unachokiona | Huenda ni | Fanya hivi |
|---|---|---|
| Maji yanachelewa alfajiri, ndoo haijapungua | Vali ya chini inavuja | Badilisha oringi na kizibo. Yakiendelea kuchelewa, bomba lenyewe linavuja |
| Ndoo imepungua, yaani chini ya lita 13 kwa mipigo 40 | Mpira wa pistoni umekwisha | Vuta fimbo, badilisha mpira |
| Mpini mwepesi ghafla, maji hakuna | Fimbo zimeachana au moja imekatika | Usiendelee kupiga. Vuta fimbo, zihesabu |
| Mpini unacheza kando au unalia | Bushi zimekwisha au nati imelegea | Kaza kwanza, kisha badilisha bushi. Usipake grisi |
| Maji yana mchanga au tope | Tatizo la kisima, si la pampu | Ita ofisi ya maji ya kaunti |

Lita 13 tumejiwekea sisi kwa pampu yetu. Mwenye kisima kingine aanze kwa kupima yake ikiwa mpya. Na mstari wa mwisho nauombea heshima: mchanga ukiingia kwa wingi hakuna kipuri kitakachodumu, na kazi ya kusafisha kisima ni ya mashine, si yetu. Vilevile bomba likipasuka. Viungo vyake vimeunganishwa kwa gundi, itabidi lote lipandishwe, na hiyo ni siku nzima ya watu kumi na fundi mwenye uzoefu.

Sasa pesa. Tumeulizia bei madukani, na tunahitaji hivi. Spana na kivulio vyetu wenyewe, shilingi 5,500. Vipuri vya kila mwaka kwa miaka miwili, 9,000, vikae kwenye bati lenye kifuniko mbali na jua na mafuta ya taa, maana mpira hukakamaa. Fimbo mbili za akiba na pini zake, 9,000. Kipande kimoja cha bomba, 4,000. Gundi yake hatununui sasa, kwani kopo likikaa hukauka na utajikuta umenunua jiwe. Saruji na kokoto za kurekebisha sakafu na mfereji, 6,000. Jumla ni shilingi 33,500. Mchango wa kila mwezi wa nyumba 62 umetuachia akiba ya 11,200, kwa hiyo tunaomba 22,300 kwenu.

Atakayetoa mfuko wa saruji au kokoto badala ya pesa, tunapokea na tunaandika thamani yake. Mlio mbali, mpigieni mweka hazina ambaye namba yake mnayo. Msitume kwa mtu mwingine yeyote, hata akiwa mimi. Risiti za dukani zitabandikwa kando ya jedwali, na kabati litakuwa na funguo mbili, moja kwa mama wa daftari na moja ofisini kwa mwalimu mkuu.

Harambee itafanyika Jumamosi ya kwanza ya Desemba, saa tatu asubuhi, chini ya mwembe wa shule. Hatutakuwa na mgeni rasmi. Badala yake tutaifungua pampu mbele yenu, tuzitoe fimbo zote tisa, na kila atakayetaka aishike oringi ile iliyokatika, tumeihifadhi. Kwa sababu hiyo kisima kitafungwa kuanzia saa tatu mpaka adhuhuri. Tekeni maji ya kutosha Ijumaa jioni.

Katibu, kamati ya maji