Mteja amekutumia video nzuri? Subiri kabla hujailipia tangazo

Mwenye duka la mapazia hapa Mombasa alituletea video aliyotumiwa na mteja wake kwenye WhatsApp, akataka iwe tangazo la kulipia Instagram jioni ile ile. Video ilikuwa nzuri kweli. Mama amesimama sebuleni kwake, anavuta pazia huku akisema, "Niliambiwa yataletwa Jumatano, yakaja Ijumaa, lakini yalivyokaa, wallahi sina neno." Hatukuitoa jioni ile, na kwa kuwa wateja wetu wengi huuliza kwa nini kazi ya namna hii haifanywi papo hapo, tueleze tulichofanya.

Mama yule alituma video kumshukuru muuzaji, si kutangaza duka lake. Hata angeiposti mwenyewe na kulitagi duka, bado hajaruhusu uso wake upitishwe kwa watu asiowajua kwa pesa ya mtu mwingine. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, anayetumia picha ya mtu ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba mwenyewe aliridhia. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mitandaoni bila ridhaa yake. Wakati huo huo shule moja ilitozwa 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia.

Ruhusa haihitaji wakili. Tulimwandikia muuzaji meseji ya kumtumia mteja wake:

"Shikamoo mama. Tumeipenda sana video yako ya mapazia. Tunaomba ruhusa kuitumia kama tangazo la kulipia Facebook na Instagram, na kwenye stetasi ya duka, kwa miezi mitatu. Tutaifupisha, ila maneno yako hatutayabadilisha. Jina lako halitatajwa. Ukikataa hakuna neno, na ukikubali kisha ukabadili nia, tuambie tuitoe."

Kila sentensi pale ina kazi yake. "Naweza kuitumia?" peke yake haitoshi, kwa sababu mtu anaweza kudhani unazungumzia stetasi yako tu, kumbe wewe unawaza tangazo la mwaka mzima. Jibu lake lihifadhi pamoja na video yenyewe, maana simu hupotea na meseji hufutika.

Mama alikubali. Hapo ndipo tukaitazama video upya, polepole, tukitafuta wale ambao hawakuulizwa. Katikati anapita mtoto mwenye sare ya shule, na nembo inasomeka. Mtoto haruhusu mwenyewe, mzazi ndiye huruhusu, na hata kama mama angeridhia tungemwondoa tu: tangazo la mapazia halina haja ya kuwaonyesha watu shule anayosoma mtoto. Tulikata kipande hicho. Nyuma pia ilisikika televisheni ikipiga wimbo wa msanii anayejulikana. Ukisikika kwenye tangazo, wimbo huo unahitaji ruhusa ya wenye haki zake, na Facebook wanaweza kulizima tangazo au kuifuta sauti. Tulimwomba mama arudie maneno yake televisheni ikiwa imezimwa, na kwa bahati hakukasirika.

Muuzaji alitaka sana tukate maneno ya Jumatano na Ijumaa. Tulikataa. Kubakiza "yalivyokaa, wallahi sina neno" na kuondoa ucheleweshaji ni kumsemesha mama jambo ambalo hakulisema. Isitoshe, kwa maoni yetu, maneno yale ndiyo yanayoiuza video. Anayetazama huamini sifa inayotoka kwa mtu aliyetaja na dosari, na atakayeagiza atajua siku zinaweza kusogea. Kukata salamu, kigugumizi na kimya kirefu ni sawa. Kipimo chetu ni kimoja: mteja akitazama toleo la mwisho, je, atasema "ndivyo nilivyosema"? Kwa hiyo humtumia alitazame kabla halijatoka.

Muuzaji akataka pia kumpa punguzo kwenye oda inayofuata. Hilo halina ubaya, ila kama punguzo liliahidiwa kabla ya video kurekodiwa, tangazo liseme wazi kwamba aliahidiwa. Kumlipa mtu ambaye hajawahi kununua ajifanye mteja ni kazi tunayoikataa kabisa, hata kwa mteja wetu wa siku nyingi. Mapazia hutundikwa mtaani, majirani wanajua nani kanunua nini, na maoni ya kwanza chini ya tangazo yatakuwa ya mtu anayemfahamu.

Mwisho, tuliandika orodha fupi ya kila mahali video ilipowekwa: tangazo la Facebook, la Instagram, na stetasi ya duka. Mama akipiga simu kesho kusema hataki tena, muuzaji ataifuata orodha hiyo na kuitoa kote siku hiyo hiyo.