YAH: Malalamiko kuhusu programu yenu ya kuandika kwa sauti kukata ujumbe kabla swali halijafika

Fundi Cherehani,
Ngamiani, Tanga.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani na nimeilipia programu yenu kwa miezi saba. Niliichukua kwa sababu mikono yangu mchana kutwa imeshika chaki na mkasi, nikaona kuongea tu simu iandike na kutuma yenyewe kutanifaa. Jumanne ya wiki iliyopita imeniharibia gauni, na majibu niliyopewa na kijana wenu wa huduma hayakuniridhisha, ndiyo maana naandika barua hii kwa kidole, herufi moja moja.

Mteja wangu wa Korogwe aliniletea kitenge kwa basi, yadi 6. Alitaka gauni lake, gauni la binti yake wa darasa la saba na kilemba juu. Vipimo vyao ninavyo kwenye daftari, niliwashonea mwaka jana. Mtu mzima habadiliki sana, lakini mtoto wa umri ule kila fundi anamjua: unampima Januari, ikifika Desemba kifua kimeongezeka na bega limetanuka. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitambaa nilitaka kumuuliza mama yake. Nilisema hivi, kwa sauti, simu ikiwa mezani:

“Shikamoo mama. Kitenge kimefika salama. Kwa yadi hizi gauni zote mbili zitatoka na kilemba, ila hakitabaki kitu. Basi, gauni la binti nikate kwa vipimo vya mwaka jana,” hapo nikanyamaza kidogo nipindue ukurasa wa daftari nione kifua chake kilikuwa ngapi, kisha nikaendelea, “kifua inchi 30, au ameongezeka umpime upya unitumie?”

Kilichomfikia kiliishia “vipimo vya mwaka jana.” Kwa nukta. Mengine yote niliuambia ukuta.

Mama wa watu akajibu: “Marahaba mwanangu. Sawa, fanya hivyo.” Nami nilisoma jibu hilo juu juu likiwa kwenye kioo cha simu, ujumbe wangu mwenyewe sikuufungua. Nikaelewa kwamba ameulizwa, amefikiri, amesema mtoto hajabadilika. Yeye alielewa kwamba fundi ameshaamua, na fundi ndiye anayejua kazi yake. Hakuna aliyekosea kati yetu wawili. Nikakata.

Binti alipokuja kujaribu, kifua chake kilikuwa inchi 33. Kwa kuwa kitambaa kilikuwa kinatosha kwa kubana tu, nilikuwa nimeacha nusu inchi tu ya kupanulia kila upande wa mshono wa ubavuni. Hata ningeimaliza yote, mishono miwili yenye pande nne ingenipa inchi 2, na nguo haishonwi ukingoni kabisa, itafumuka siku hiyo hiyo. Bega ndiyo kabisa, bega likishakatwa halipanuliki. Nimenunua kitambaa cha rangi moja kwa hela yangu, nikaweka vipande ubavuni na kubadilisha mikono yote. Limevalika, lakini si gauni lililoagizwa, na mama yake alilitazama kimya. Mnielewe kimya hicho kinamgharimu nini fundi.

Sasa niwaambie kinachonikera zaidi ya gauni. Kiswahili hakipindui maneno ili kuuliza. “Nikate kwa vipimo vya mwaka jana” inaweza kuwa swali na inaweza kuwa taarifa. Kinachotenganisha ni sauti inayopanda mwishoni, au lile “au” linalofuata. Programu yenu sauti inayopanda haiandiki, alama ya kuuliza inaweka siku ikijisikia, na “au” ndilo ililolikata. Ujumbe uliokatwa ungefika umekatika waziwazi, mtu angeuliza “vipi, hujamaliza?” Huu ulifika umekamilika, una maana, na maana yenyewe ni kinyume cha niliyokusudia. Tena sisi swali hatulitangulizi. Unamsalimu mtu, unamweleza hali, ndipo unamuuliza. Kwa hiyo chochote kinachokata mwisho wa ujumbe kitakuwa kinakata swali, siku zote.

Kijana wenu aliniambia tatizo ni mtandao. Nikajaribu. Nilikaa na mpwa wangu akashika saa ya kuhesabia sekunde, nikaongea nikinyamaza makusudi katikati. Nikinyamaza sekunde moja, inaendelea kusikiliza. Nikikaribia sekunde mbili, maikrofoni inajifunga na ujumbe unaondoka. Nilirudia mara kumi kwa bando langu, mara kumi kwa waifai ya duka la jirani, na sehemu zote mbili ikakata palepale. Mtandao ungekuwa na makosa, ingekata ovyo, mara katikati ya neno, mara mwanzoni, na kwenye waifai ingetulia. Hii inakata kwenye kimya tu. Maana yake mmeipangia muda wa kimya, na muda ukipita inahesabu kwamba mtu amemaliza kusema.

Nimegundua pia kwa nini miezi saba yote sikuiona shida hii kwa ukubwa wake. Mara nyingi naongea huku mota ya cherehani inanguruma, na nadhani programu inauhesabu mngurumo kuwa sauti ya mtu, haioni kimya. Tuliipima na hiyo: cherehani ikiwaka, nimenyamaza sekunde tano na haikukata. Jumanne ile nilikuwa kwenye meza ya kukatia, umeme umekatika, karakana nzima iko shwari. Yaani chombo chenu kinafanya kazi vizuri penye kelele na kuharibika penye utulivu.

Ushauri wa pili wa kijana wenu ulikuwa niongee bila kunyamaza. Kwa heshima, mtu anayesoma namba kwenye daftari hunyamaza. Mtu anayetafuta neno la kumwambia mkubwa wake hunyamaza.

Ninachoomba ni hiki. Kimya kifunge maikrofoni ikibidi, lakini kisitume. Kutuma kuwe kwa kidole changu au kwa mimi kutamka “tuma”. Leo hayo mawili mmeyafunga pamoja, na kwenye mipangilio nimetafuta pa kuyatenganisha sikupaona. Muda wa kimya wenyewe niuchague mimi. Sekunde nne au tano zingenitosha. Na maikrofoni ikijifunga ilie mlio, maana sasa inazima taa ndogo tu, na mtu anayetazama kitambaa haioni taa.

Pia naomba mnirudishie ada ya mwezi huu pamoja na shilingi 9,000 za kile kitambaa cha kuungia. Risiti nimeambatanisha, na picha ya ujumbe jinsi ulivyofika kwa mteja, na video ya mpwa wangu akihesabu sekunde. Gauni lenyewe siwezi kuwatumia, limeshavaliwa arusini Korogwe.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14. Msinipigie simu mchana, sitapokea, nitakuwa nakata.

Wenu katika biashara,

Fundi, Ngamiani