Dogo, kabla hujajibu hiyo picha ya pepa

Mdogo wangu, shikamoo yako nimeipokea. Nakujibu hapa wazi maana hili swali lako najua wengi wanaosaidia watoto hesabu kwenye magrupu ya Wasap wanalo, ila hawaulizi. Baada ya kujibu picha ya swali kwenye grupu, umeniuliza "sasa kaka mi ningejuaje kama ni mtihani?" na ni swali la haki kabisa, kwa sababu pasti pepa na pepa inayofanyika sasa hivi zikipigwa picha zinafanana. Nimesimamia mitihani miaka kadhaa na nimefundisha tyusheni pia, pande zote mbili nazijua, so sikuhubirii, nakuambia jinsi mi ninavyoangalia.

Twende na ile ile yako. Jumanne, saa 3 na robo asubuhi, mtu anatuma picha ya swali moja tu, limekatwa juu na chini, mfululizo wa hesabu, istilahi ya 5 ni 17, ya 9 ni 33, tafuta jumla ya istilahi 20 za kwanza. Chini ameandika "fasta jamani". We ukajibu ndani ya dakika mbili, d = 4, a = 1, jumla 780. Akatuma swali linalofuata, ukajibu, akatuma jingine. Hakuuliza hata mara moja imekuwaje d ikawa 4.

Hapo mimi kitu cha kwanza ni saa. Mitihani ya NECTA ya kidato cha nne ya asubuhi inaanza saa 2 kamili na Hisabati ni masaa matatu, yani inaisha saa 5, na ya mchana inaanza saa 8. Moko za mikoa na mitihani mingi ya shule inaiga ratiba hiyo hiyo. Kwa hiyo picha inayoingia saa 3 na robo siku ya shule, tena siku ambayo watu wa kidato cha nne wako kwenye moko, inanipa wasiwasi hata kabla sijasoma swali. Ingeingia saa 2 usiku nisingewaza sana, ingawa na usiku nao una yake, nitafika huko.

Cha pili ni ilivyokatwa. Mtu anayejisomea hana sababu ya kuficha kichwa cha pepa, anakutumia ukurasa mzima na mara nyingi unaona kabisa penseli yake pembeni amejaribu akakwama. Zile zilizoshushwa mtandaoni nyingi zina anwani ya tovuti imechapwa juu au chini ya ukurasa. Anayepiga akiwa chumba cha mtihani anapiga kwa kuiba, picha imepinda, kivuli cha mkono wake mwenyewe, karatasi iko mapajani badala ya mezani, na swali moja moja kadiri anavyopata nafasi msimamizi akigeuka. Ila usije ukamhukumu mtu kwa hilo peke yake, simu zingine kamera ni mbovu tu na mtoto anaweza kuwa kitandani na tochi.

Hapa ndo penye utata wenyewe sasa, na ndo maana sikulaumu. Mtihani wa ujirani au wa kundi la shule, pepa moja inaweza kuwa imeshafanyika shule A jana halafu shule B inafanya kesho kwa sababu walichelewa kuchapa au walikuwa na mahafali. Mtoto wa shule A anakutumia kwa nia safi kabisa, anataka masahihisho, anakuambia "tumeshaufanya" na ni kweli hadanganyi. We unajibu kwenye grupu la watu mia mbili na shule B wamo humo humo. Kwa hiyo "umeshaufanya?" halitoshi, muulize "shule zote zimeshaufanya?", na asipojua mjibu inboksi au subiri.

Maana dogo, kitu ambacho kinanirahisishia mimi maisha ni hiki, anayejisomea anaweza kusubiri. Ukimwambia "nitajibu saa 6 mchana" hapotezi chochote, ataendelea na swali lingine. Asiyeweza kusubiri ni aliyeko chumbani, kwake jibu la saa 6 ni takataka. Kwa hiyo huhitaji kujua ukweli wote wala kumwita mtu mwizi mbele za watu, we chelewesha tu, mwenyewe atajionyesha. Ukiona amekuja juu, "acha roho mbaya, kama hujui sema", basi ushapata jibu lako, au angalau huna sababu ya kuharakisha.

Wakati unasubiri tafuta swali. Chukua mstari wa kwanza uutafute kwenye pepa za nyuma ulizonazo. Ukilikuta neno kwa neno kwenye pepa ya miaka iliyopita, sio siri tena, mfundishe, japo bado angalia saa kwa sababu walimu wengi wa shule huwa tunachota maswali ya NECTA tukayaweka kwenye testi zetu bila kubadili hata namba (nasi tuna uvivu wetu). Usipolikuta haimaanishi kitu, labda ni la kitabuni.

Akishakutumia ukurasa wa kwanza na alipokwama, saa imepita, na bado una mashaka kidogo, mpe swali pacha. Sio lake. Mwambie istilahi ya 4 ni 13, ya 10 ni 31. Kutoka ya 4 hadi ya 10 umepiga hatua 6, thamani imepanda 18, kila hatua ni 3, hiyo ndo d. Rudi nyuma hatua 3 kutoka 13, toa 9, ya kwanza ni 4. Jumla ya 20 unachukua 20 gawa kwa 2, mara (2 × 4 + 19 × 3), yani 10 × 65, 650. Sasa afanye lake. Aliyetaka kuelewa anarudi baada ya dakika kumi na 780 yake, na ukiona amekosea unaona amekosea wapi, wengi wanaweka 20 badala ya 19 hapo kwenye mabano. Ila kama saa ya mtihani haijaisha hata pacha usitoe, mwanafunzi mjanja anabadilisha namba tu.

Zile za usiku sasa, "pepa ya kesho hii hapa". Nyingi ni feki. Kuna mtu alichukua pepa ya zamani ya Hisabati, ile ya kuchagua maswali manne sehemu B, akabadilisha mwaka juu, wakati mpangilio wa sasa ni maswali 14 na yote unafanya. Sasa we usiseme "feki hii, wacha niwasolvie tu", kwa sababu siku ikiwa ya kweli umeshiriki kuvujisha. Mwaka 2018 shule kadhaa zilifutiwa matokeo ya darasa la saba, Chemba kule Dodoma ikawa wilaya nzima, na watoto wakarudishwa kufanya tena Oktoba, pamoja na ambao hawakuona karatasi yoyote.

Hayo majibu ya Jumanne kufuta hakusaidii, yameshasomwa. Na usiiweke namba ya huyo mtoto hadharani, mnaweza mkawa mmemkosea. We mwambie admini kwamba wiki za moko grupu lifungwe saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, lifunguliwe jioni, na anayetuma swali atume ukurasa mzima na alipofikia. Akikataa admini, we mwenyewe jibu jioni tu, hakuna anayekulipa.